Bei ya unga na mikono ya mwokaji: tofauti za malighafi nilivyozijua bekari

"Wakuu, kwenye tofauti za malighafi huwa nachanganyikiwa. Tofauti ya bei nazidisha na kilo zilizonunuliwa au zilizotumika? Na nitajuaje kama ni nafuu au mbaya? Alama ya kutoa inanipoteza kila mtihani."

Mkuu, nilifanya hesabu za bekari moja kwa miaka kadhaa, na hili nililielewa vizuri mwezi tuliobadilisha unga. Nikupe zile hesabu zenyewe.

Kiwango chetu kilikuwa mfuko wa kilo 50 utoe mikate 125, yaani kilo 0.4 kwa mkate, na kilo moja ya unga sh. 1,600. Bajeti ya mwezi ilikuwa mikate 10,000. Mwezi ule stoo ilianza tupu. Mnunuzi akapata unga wa kinu kingine kwa sh. 1,500, akaleta kilo 5,000. Tukatumia kilo 4,620, tukaoka mikate 11,000.

Anza na bei. Kila kilo imekuja pungufu kwa sh. 100, zidisha na kilo 5,000 zilizonunuliwa, unapata sh. 500,000. Nazidisha na zilizonunuliwa kwa sababu bei hukubaliwa siku ya kununua, na stoo yetu iliandikwa kwa bei ya kiwango. Bekari inayoweka stoo kwa bei halisi itatumia kilo 4,620 na kupata sh. 462,000. Zile 38,000 hazijapotea, zimekaa kwenye kilo 380 zilizobaki stoo. Kwa hiyo kwenye mtihani soma kwanza swali linasema stoo imethaminiwa kwa bei ipi.

Matumizi ndipo nilipokosea. Nilichukua kilo 4,620, nikatoa 4,000 za bajeti, nikaona kilo 620 zimezidi, nikazidisha na 1,600 na kumpelekea bosi tofauti mbaya ya sh. 992,000. Mwokaji akaitwa ofisini kujieleza. Ni mtu mzima aliyeoka tangu ujana wake. Alisimama pale na apron imejaa unga, akasema, "Mwanangu, umesahau mikate elfu moja niliyoongeza." Alikuwa sahihi. Mikate 11,000 ilistahili kilo 4,400, si 4,000. Kilichozidi ni kilo 220 tu, mara sh. 1,600, sawa na sh. 352,000. Nilimwomba radhi mbele ya bosi yule yule.

Kwa hiyo kilo za kiwango zitoke kwenye mikate iliyookwa kweli, siyo iliyopangwa. Na kwenye matumizi bei inabaki 1,600 hata kama tumenunua kwa 1,500, kwa sababu mwokaji hahusiki na bei. Ukitumia bei halisi, gharama ya uzembe wake itapanda na kushuka kwa kazi ya mnunuzi.

Kuhusu alama ya kutoa, mimi huiacha kabisa. Natafuta ukubwa wa tofauti, kisha najiuliza: tumelipa zaidi ya ilivyopaswa, au pungufu? Bei 1,500 ni chini ya 1,600, basi nafuu. Kilo 4,620 ni zaidi ya 4,400, basi mbaya. Ndipo naandika F kwa nafuu au A kwa mbaya mbele ya jibu. Vitabu vingine hutanguliza kiwango, vingine hutanguliza halisi, na alama inageuka. Swali hilo haligeuki.

Lakini bado kilo 220 zilikuwa zimezidi, na mwokaji alisisitiza kosa si lake. Tukapima mfuko mmoja wa kila aina mbele ya mizani. Unga wa zamani ulikunywa lita 30 za maji, ukatoa madonge 125 ya gramu 650. Huu mpya ulipofika lita 27 na nusu ukaanza kulegea na kunata mikononi, na madonge yakawa 121. Katika hayo, mawili hayakuumuka vizuri, mikate yake haikufaa kuuzwa. Ikabaki 119, na ukigawa kilo 50 kwa 119 unapata 0.42, sawasawa na matumizi ya mwezi mzima.

Maana yake ile nafuu ya mnunuzi ndiyo iliyozaa ubaya wa mwokaji. Kwa unga uliotumika, 462,000 toa 352,000, faida halisi ilikuwa sh. 110,000, na hapo hujahesabu hamira na kuni za mikate iliyotupwa. Nilimwandikia bosi tofauti zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na matokeo ya mizani chini yake. Kilo 380 zilizobaki tulizichanganya na unga wa zamani, na oda iliyofuata ikarudi kinu cha mwanzo.