Pengo la milioni 48 mbele ya bodi

"Shule yetu Mbagala ina pengo la milioni 48 mwaka huu. Bodi inakaa wiki ijayo. Nianzeje?"

Dada, anza na namba yenyewe, ukurasa wa kwanza, halafu taja mwezi ambao hela ya mishahara itakata. Kisha igawe. Kwetu pia pengo lilikuwa milioni 48: milioni 12 zilikuwa injini ya basi, gharama isiyojirudia. Milioni 36 zilikuwa za kila mwaka, na hizo ndizo ugonjwa wenyewe.

Tuliunganisha ruti mbili za mabasi, tukaokoa milioni 1.5 kwa mwezi. Ukumbi tukaukodisha Jumamosi, ikabaki milioni 1 kwa mwezi baada ya kulipa mlinzi na usafi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaandika milioni 30 za mwaka mzima. Sisi tulianza Julai, kwa hiyo mwaka ule zilikuwa 15 tu. Zilizobaki 33 niliomba bodi ipige kura zitoke kwenye akiba, na nikaonyesha akiba itabaki kiasi gani.

Kuna aliyekushauri upandishe ada, yuko sahihi nusu. Wazazi mlishawapa barua ya ada ya mwaka huu, kwa hiyo kupandisha kusubiri Januari. Ahadi ya mfadhili usiihesabu mpaka imesainiwa.

Mwaka uliofuata bado tulikuwa na upungufu wa milioni 6. Niliiandika hivyohivyo. Mjumbe mmoja alikasirika, mweka hazina akanitetea, na hadi leo hawajakubaliana pa kuipata.