Ukikuta "prima facie" kwenye habari, usimhesabu mtu kafungwa

Nimefuatilia kesi kwa ajili ya habari za redio hapa Mtwara kwa miaka kadhaa. Kati ya maneno ya Kilatini ya mahakamani, pro bono haina madhara kwa msikilizaji: wakili katetea bila kudai malipo. Quid pro quo, yaani nipe nikupe, hutokea zaidi kwenye habari za siasa. Inayoumiza watu ni prima facie. Gazeti likiandika kwamba imeonekana "prima facie" dhidi ya karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, jioni hiyo hiyo huko Tandahimba mkewe anaanza kupewa pole kana kwamba mumewe keshahukumiwa.

Prima facie ikionekana, mahakamani utasikia hakimu akisema mshtakiwa "ana kesi ya kujibu". Husema hivyo mashahidi wa upande wa mashtaka wakishamalizika, mshtakiwa mwenyewe akiwa hajajitetea. Kipimo kinachotumika hadi leo kilitolewa mwaka 1957 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Ramanlal Bhatt: je, mshtakiwa asipotoa maelezo yoyote, mahakama makini ingeweza kumtia hatiani kwa ushahidi huu?

Tuchukue mfano wa karani anayedaiwa kuiba magunia 40 ya korosho. Mwenyekiti anasema ufunguo wa ghala alikuwa nao karani peke yake. Dereva anasema karani ndiye aliyemwagiza abebe mzigo usiku. Daftari la ghala linaonyesha upungufu. Akikaa kimya, anaweza kutiwa hatiani, kwa hiyo ana kesi ya kujibu. Lakini kwenye utetezi analeta hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mpokeaji wa ghala kuu, usiku ule ule, magunia 40. Hapo shaka imeingia, na mashtaka ya jinai lazima yathibitishwe pasipo shaka yoyote ya msingi. Anaachiwa huru, ingawa prima facie ilionekana.

Sasa geuza ushahidi: funguo walikuwa nazo watu watatu na dereva hakutokea kabisa. Hakuna kesi ya kujibu. Karani anaachiwa hapo hapo bila kusema neno, na kwa maoni yangu habari hiyo ilistahili nafasi kubwa redioni sawa na ile ya kukamatwa kwake.

Kwa hiyo ukisoma, tafuta kinachofuata baada ya neno lile. Kama imetajwa tarehe ya kuanza kujitetea, hukumu bado. Kama kuna "kutiwa hatiani" na miaka ya kifungo, kesi imeshaamuliwa, na iliyobaki ni rufaa.

Mkikuta nolle prosequi, ndugu wa mshtakiwa muwe macho. Hapo Mkurugenzi wa Mashtaka ameamua kutoendelea na shauri, na mtu anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Hati yake ya ghala isitupwe, na anayeijua saini ile asipotezwe.