Chrome imeizima uBlock Origin, niweke ipi?

"Wakuu, kompyuta ya steshenari hapa Ngamiani, Chrome imezima uBlock Origin inasema haisapotiwi tena, ni virusi? Niweke ipi salama?"

Si virusi kaka, Chrome imeacha ekstensheni zilizojengwa kwa Manifest V2, mfumo wa zamani, na hiyo ya kuzuia matangazo ni mojawapo, usihangaike kuiwasha. Weka uBlock Origin Lite, ya mtengenezaji yuleyule, ila ukitafuta yatakuja majina yanayofanana fanana kibao, usibonyeze la kwanza tu, shuka kwenye maelezo uone kaandikwa Raymond Hill, na faili la ZIP la kutumiwa WhatsApp uwashe kwa Developer mode usiguse kabisa, maana hamna aliyelikagua na linaweza kusoma kila ukurasa unaofungua hapo, hadi wa benki wa wateja wako.

Ndugu hapo juu kasema Lite ni sawasawa na ile, nusu kweli. Matangazo mengi inazuia, ila orodha zake za kuzuia hazijisasishi zenyewe, zinangoja ekstensheni ipate apdeti. Ukitaka ile yenyewe hamia Firefox, huko bado inapiga kazi.

Dada uliyeuliza kama inawekeka kwenye simu, Chrome ya Android haipokei ekstensheni, Firefox inapokea.