Kabla ya Kutafsiri Upya Kibao, Soma Kiarabu Kilichomo

Kazi ya vibao vya lugha mbili hunifikia karibu kila mara kwa njia moja: mteja anatuma picha ya kibao chenye Kiingereza juu na Kiarabu chini, kisha anaomba sehemu ya Kiarabu itafsiriwe upya kwa sababu amesikia kwamba "ina kasoro". Zamani nilikuwa nikisoma Kiingereza peke yake, nikaandika Kiarabu kipya, nikakituma. Sikukisoma kile kilichokuwepo, kwa kuwa nilidhani kwamba kitu kinachoondolewa hakina haja ya kusomwa. Kosa langu hilo ndilo lililonifundisha ninayoyaeleza hapa.

Kibao kilikuwa cha mlango wa chumba cha mitambo ya umeme. Kiingereza kilisema kwamba wasio na idhini hawaruhusiwi kuingia. Nilikitafsiri kwa maneno yaliyozoeleka katika vibao vya Kiarabu: *mamnuu ad-dukhul li-ghair al-musarrah lahum*, na mteja akachapisha kibao kipya. Miezi kadhaa baadaye niliitwa katika jengo hilohilo kwa kazi nyingine, nikakuta milango mingine kumi na mmoja ikiwa na kibao cha zamani, nacho kiliandikwa *mamnuu ad-dukhul lil-musarrah lahum*. Neno *ghair*, ambalo sisi tunalijua kama "ghairi", halikuwemo, na kwa hiyo kibao kiliwakataza kuingia watu walewale waliopewa idhini, bila kuwataja wengine wote. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, lakini kwa kuwa sikuilinganisha na maandishi ya zamani, sikuweza kumwambia mteja kasoro ilikuwa ipi, naye hakuwa na sababu ya kukagua milango mingine.

Ningekisoma Kiarabu hicho kwa makini tangu mwanzo, ningejua pia kosa lilizaliwa wapi. Katika Kiarabu, herufi lamu yenye maana ya "kwa" ikikutana na *al*, alifu ya *al* hudondoka na lamu mbili hufuatana. Kama mpangaji wa maandishi angekuwa ameliruka neno *ghair* kwa bahati mbaya, *al-musarrah* ingebaki na alifu yake, na lamu ya mwanzo ingekuwa imesimama pweke mbele yake. Kwenye kibao kile alifu haikuwepo na lamu mbili zilikuwa zimeungana vizuri. Hiyo ni dalili kwamba sentensi ilitungwa au kurekebishwa hivyo na mtu anayejua kanuni za uandishi lakini aliyeipoteza maana, na kosa la namna hiyo hukaa katika faili mama, ambako husambaa kwenye kila kibao kinachotolewa humo. Kosa la mpangaji, kwa upande mwingine, aghalabu huishia kwenye kibao kimoja.

Siku hizi ninaanza kwa kuifunika lugha nyingine kwa karatasi. Ninanakili Kiarabu kutoka kwenye picha, herufi kwa herufi pamoja na nukta zake, kisha ninakifasiri neno kwa neno bila kukipamba. Baada ya hapo ndipo ninafunua Kiingereza na kukifasiri kwa ukavu uleule. Kuanza na Kiarabu ni muhimu, kwa kuwa jicho lililokwisha kuona Kiingereza hukamilisha lenyewe neno linalokosekana, na *ghair* ni neno fupi mno kuliamini jicho la namna hiyo. Hapo ninailinganisha mistari miwili kwa maswali machache: nani anaambiwa, anakatazwa au anaagizwa nini, ni wapi na lini, na ni nani anayeondolewa katika katazo. Swali la mwisho ndilo linalofichua makosa mengi mabaya, kwa sababu katazo hutafsiriwa kwa urahisi, lakini "isipokuwa" hupotea.

Msemaji wa Kiswahili awe na tahadhari ya ziada, kwa kuwa maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu hutupa ujasiri usiostahili. *Maktab* ni ofisi, na *maktaba* ni mahali pa vitabu. Kinachoyatofautisha kwenye kibao ni herufi moja tu ya mwisho.

Si kila tofauti ni kosa. Kibao cha sakafu kinaweza kusema kwa Kiingereza kwamba sakafu imelowa, na kwa Kiarabu kwamba sakafu inateleza. Onyo ni lilelile na sioni sababu ya kukigusa. Kigumu zaidi ni kibao cha magari. *Wuquf* ni kusimama, na *intidhar* ni kungoja. Kuna nchi ambako *mamnuu al-wuquf* hueleweka kuwa ni marufuku kuegesha gari, na huko Misri kuegesha hukatazwa kwa *mamnuu al-intidhar*, huku *wuquf* ikibaki kwa katazo la kusimama hata kidogo. Anayetafsiri upya bila kutazama kilichopo anaweza kubadilisha neno lililokuwa sahihi kwa wasomaji wa mahali hapo. Vivyo hivyo, herufi ya ye mwishoni mwa neno bila nukta zake mbili ni desturi ya kawaida ya uchapaji wa Misri, nami siihesabu kuwa ni kasoro.

Mara nyingine tafsiri ni nzuri kabisa na kilichoharibika ni uchapaji. Programu isiyoshughulikia Kiarabu hutenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Neno *mamnuu* linatosha kulithibitisha hilo, hata kwa asiyesoma Kiarabu: mimu mbili, nuni na wau huungana kuwa kundi moja upande wa kulia, na aini husimama peke yake mwisho kabisa upande wa kushoto, kwa kuwa wau haiungani na herufi inayoifuata. Ukiziona herufi tano zilizoachana, au aini ikiwa upande wa kulia, mwambie mteja arekebishe faili. Tafsiri mpya ikipitia programu ileile itaharibika vilevile, na fedha zitakuwa zimetumika bure.

Saa za kazi nazo huhitaji jicho la pekee. Tarakimu za nambari moja husomwa kutoka kushoto hata ndani ya Kiarabu, lakini nambari mbili zilizotenganishwa kwa kistari zinaweza kupangwa upande wowote, kutegemea kama kuna herufi za Kiarabu kabla yake. Hivyo "8 hadi 5" inaweza kusomeka kuwa 5 hadi 8. Ninapendekeza kistari kiondolewe na maneno *min* na *ila*, yaani "kuanzia" na "hadi", yaandikwe kamili.

Pale maana mbili zinapopingana, sichagui mwenyewe iliyo sahihi, kwa kuwa huenda Kiarabu ndicho matini chanzi na Kiingereza ndicho kilichokosea. Ninamuuliza mteja ni kanuni ipi anayotaka itekelezwe mlangoni. Ripoti yangu huwa na maandishi ya Kiarabu kama yalivyo, maana yake ya neno kwa neno, maana ya lugha ya pili, na uamuzi: kiachwe, kirekebishwe uchapaji, au kitafsiriwe upya. Na uamuzi ukiwa ni huo wa mwisho, ninaongeza ombi la picha za vibao vyote vingine vilivyotoka katika faili hiyohiyo.