Muhtasari wa wasifu wa mchambuzi wa data

"Muhtasari wangu unasema: mchambuzi mwenye ujuzi wa Excel, SQL na Power BI, natengeneza dashibodi na chati. Natuma maombi, kimya. Nirekebishe nini?"

Mkuu, sentensi hiyo inamfaa yeyote aliyemaliza kozi. Chukua kazi moja uliyoifanya ujiulize: nani aliuliza, alitaka kujua nini, na alifanya nini tofauti baada ya kupata jibu?

Tuseme ulikuwa kwa muuzaji wa jumla wa vinywaji, ukatengeneza dashibodi ya mauzo. Andika hivi: "Meneja wa usambazaji alitaka kujua kwa nini maduka yanaishiwa soda kila Jumamosi. Nililinganisha oda na mauzo ya wiki 12, nikaonyesha kuwa lori linapeleka mzigo Jumatatu ilhali mauzo yanapanda kuanzia Ijumaa. Safari ikahamishiwa Alhamisi." Majina ya programu yahamie sehemu ya ujuzi, mstari mmoja tu.

Wengi huharibu kwa kuandika "niliongeza mauzo kwa 20%". Msaili atauliza umetenganishaje mchango wako na sikukuu au punguzo la bei, na hapo ndipo watu hukwama. Uamuzi uliobadilika ni rahisi kuutetea. Asilimia iweke tu kama ulilinganisha na maduka ambayo ratiba yao haikuguswa.

Kama bosi hakufuata ushauri, andika "nilipendekeza". Jibu lililozuia hatua, mfano tawi ambalo halikufunguliwa, nalo ni uamuzi, liandike.