Barua ya kuwanyima ruzuku akina mama wa dagaa

"Wadau, kikundi cha Igombe nimekiandikia 'ombi halikukidhi vigezo, jaribuni tena'. Bosi anasema ni kavu. Nirekebisheje?"

Bosi yuko sahihi, dada. "Vigezo" hawajui ni vipi. Rudi kwenye fomu za alama, uchukue sababu iliyowaangusha kweli:

"Kamati ilipenda wazo la kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani. Tulikwama kwenye bajeti: bei ya chanja 20 haikuwa na profoma, na jumla haikulingana na jedwali. Mkirekebisha hayo mawili, ombi litapimwa upya dirisha lijalo la maombi."

Taja tarehe ya dirisha na namba ya afisa anayepokea simu. Usiahidi kwamba watapata. Na kama mfuko wenu haugharamii uvuvi kabisa, "jaribuni tena" ifute. Itawalia nauli bure.