Kastoma aliyenyamaza mwaka mzima

"Mama shikamoo. Yule kastoma wangu anayetengeneza sabuni alikuwa anachapisha stika za lebo kwangu kila baada ya miezi miwili, sasa mwaka umeisha hajaagiza kitu. Nataka nimtumie meseji ila naogopa nitaonekana nina shida. Nimwandikie nini?"

Marahaba mwanangu. Usiandike kitu kwanza, fungua lile daftari lako la oda uangalie oda yake ya mwisho ilikwendaje, manake hapo ndo kuna jibu kuliko kwenye meseji yenyewe. Alichukua stika ngapi, zilifika siku mliyokubaliana au zilichelewa, alilipa zote au kuna deni limebaki, na baada ya kupokea alisema nini. Rudi hata kwenye wasap usome maongezi yenu ya mwisho yote, usisome ile meseji moja ya chini tu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi iliniuma. Enzi zile nauza vifaa vya cherehani siku moja nikakaa nikaandika meseji moja tamu, "tumekukumbuka sana mteja wetu, karibu tena", nikawatumia wote walioacha kununua, kama watu 40 hivi kwa mkupuo. Fundi mmoja akanijibu palepale: "Zile boksi mbili za sindano hujanibadilishia mpaka leo." Nikaangalia daftari, kweli bwana. Yeye ana mashine ya kiwandani, ile inayotaka sindano yenye shina la duara, mimi nikampelekea za cherehani za nyumbani ambazo shina lake ni bapa upande mmoja, haziingii kabisa. Alinipigia mara moja nikamwambia nitashughulikia, nikasahau. Sasa mtu kakaa na sindano zisizoingia mwaka mzima halafu wewe unamwambia umemkumbuka! Bora ningenyamaza.

Kingine angalia mwendo wake mwenyewe, usiangalie kalenda tu. Huyu wako alikuwa anachukua kila miezi miwili, kwa hiyo kwa mwaka karuka kama oda sita, huyo kweli kaondoka au kaacha kazi. Lakini kama una mtu anayechukua stika nyingi mara moja zikamtosha mwaka na nusu, huyo hajapotea, bado ana mzigo ndani, ukimwandikia "umetupotea" atakushangaa.

Haya, tuseme daftari liko safi, hakuna deni wala lawama. Sasa jiulize una kitu gani chake ambacho mtu mwingine hana. Unalo faili la lebo yake! Ile dizaini mliyohangaika nayo, rangi mlibadilisha mara tatu, maandishi ya uzito, namba yake ya simu, vyote viko kwenye kompyuta yako. Hicho ndo cha kuanzia, kinamfaa hata asipoagiza. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za siku dada. Nilikuwa napanga mafaili nikakuta lebo yako ya sabuni ya gramu 100, bado ninayo nzima. Namba ya simu iliyopo juu inaishia na 47, na uzito bado umeandikwa gramu 100. Kuna kilichobadilika? Kama kipo niambie nirekebishe kwenye faili, hata kama huchapishi sasa hivi."

Basi. Hakuna "nilikuwa nakusalimia tu", manake mfanyabiashara akiona hivyo anajua kuna ombi linakuja nyuma. Hakuna picha ya tangazo, hakuna orodha ya bei. Ona pia swali liko moja tu na anaweza kulijibu kwa neno moja akiwa amesimama kwenye sufuria lake la sabuni, "hapana" au "namba imebadilika". Ukimuuliza "vipi biashara inaendaje na je ungependa kuagiza lini na ngapi" unampa kazi, atasema atajibu baadaye na hiyo baadaye haifiki. Ila hakikisha faili kweli unalo na umelifungua ukaliona, usije ukaandika halafu akakwambia haya nitumie, ukaanza kutafuta.

Najua utataka kuweka punguzo. Usiweke kwenye meseji ya kwanza. Hujui aliondoka kwa nini, ukianza na bei umejiamulia mwenyewe kwamba bei ndo ilimkimbiza, na kama siyo bei umejipunguzia hela bure. Halafu unamfundisha kwamba akinyamaza muda mrefu anapata nafuu, sasa wale wanaochukua kila mwezi wakisikia watakuelewaje?

Mtumie mwenyewe moja kwa moja, siyo kwenye grupu wala ile ya kutuma kwa wengi, na utumie saa za kazi.

Akijibu, kipimo chako cha kwanza ni jibu siyo oda. Akisema "namba imebadilika" rekebisha siku hiyohiyo, mtumie picha aione, unyamaze. Mara nyingi hapo mwenyewe ndo anauliza "kwani stika 300 sasa hivi zinachukua siku ngapi", umeona, oda imekuja bila kuombwa. Akisema aliacha kutengeneza sabuni, mshukuru, andika kwenye daftari usimsumbue tena. Akisema kapata mchapishaji mwingine usianze kumponda huyo mwingine, mwambie sawa, na kama anataka faili lake mtumie. Najua roho itakuuma hapo, lakini kama alikulipa hiyo dizaini ni yake, na siku huko mambo yakigoma atajua wapi alitendewa vizuri.

Asipojibu je? Ukiona tiki za bluu na kimya usimwandikie kesho yake kuuliza "umeona meseji yangu?", ameiona. Subiri wiki tatu hivi, halafu mtumie moja nyingine yenye kitu kipya kabisa chenye faida kwake. Nakumbuka ulisema zamani alilalamika wino unachuja lebo ikishikwa na mikono yenye maji. Kama sasa una zile stika za plastiki, kata tano zenye lebo yake, ziloweshe mwenyewe kwanza uone wino unashika, ndo umwambie unazo tano za mfano azijaribu kwenye sabuni zake, hazina malipo. Nayo akiinyamazia, acha. Mbili zinatosha, ya tatu itakuwa kero, na akikwambia usimtumie tena futa namba yake kwenye orodha siku hiyo. Tiki ikibaki moja tu ya kijivu siku nyingi, huenda laini imebadilika au kakublock, mpigie mara moja ya kawaida, isipopatikana basi.

Sasa kama daftari litaonyesha kulikuwa na kosa lako, mfano stika zilichelewa akakosa soko lake, haya ya faili yote yaweke pembeni. Hapo anza na lile kosa kwa jina lake: "Dada, oda yako ya mwisho niliichelewesha siku tisa na sikukupigia kukwambia. Nilikosea." Usiongeze sababu za mashine kuharibika wala umeme kukatika, na usimuuzie kitu kwenye meseji hiyo. Akitaka kukusema, mwache akuseme mpaka amalize, mimi yule fundi alinisema dakika kumi nzima ndo akaniuliza kama zile sindano za duara ninazo.

Angalia kwanza halafu nitumie ulichoandika kabla hujamtumia.

Mama